Maswali Mnayoniuliza Kila Mwaka Kuhusu "Kutabiri Pepa" ya Hisabati Kidato cha Nne

Nafundisha Hisabati hapa Uyole, Mbeya, na jioni nina darasa la tuisheni. Kuanzia Septemba simu yangu haitulii. Wanafunzi, wazazi, hata walimu wenzangu kutoka Makambako na Iringa wanauliza mambo yaleyale kwa maneno tofauti. Nimeyaweka hapa ili mtu akiniuliza nimtumie badala ya kurekodi sauti ya dakika nane. Mifano yote ni ya Hisabati ya kidato cha nne. Masomo mengine nimeyagusa kidogo kwenye swali la 12.

## Utabiri wenyewe

1. Mwalimu, kuna mtu anauza karatasi ya "maswali yanayotoka". Yanatoka kweli?

Mada zinatoka. Maswali yenyewe, hapana. Hiyo tofauti ndiyo biashara yake.

Pepa ina maswali 14, na mada za kidato cha kwanza hadi cha nne zinakaribia 40. Mtu akikuandikia maswali 50 yanayogusa mada zote kubwa, lazima kila swali la pepa lifanane kwa mbali na mojawapo ya yale 50. Hilo linawezekana hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona pepa ya NECTA, ilimradi anayo silabasi. Ulichonunua ni orodha ya mada iliyovalishwa namba.

2. Mbona mwaka jana swali la mwalimu wa tuisheni "lilitoka lilelile"?

Jaribu hivi kabla hujaamini. Chukua swali lake na lile la pepa, uyaweke pamoja, halafu ujiulize mambo matatu. Vilivyotolewa ni vilevile? Kinachotafutwa ni kilekile? Jibu la mwisho ni lilelile? Ukipata ndiyo tatu, basi lilitoka. Kwa kawaida hutapata hata moja; kinachofanana ni mada tu, na hata hiyo utaipata kwa kulazimisha.

Mwanafunzi aliyetoka chumba cha mtihani husema "lilitoka" kwa sababu anakumbuka mchoro au jina la mada. Hakumbuki kwamba tuisheni alipewa urefu akatafuta pembe, na kwenye mtihani alipewa pembe akatakiwa kutafuta urefu. Na yale maswali 49 ambayo hayakutoka hayana mtu wa kuyasimulia.

Mimi mwenyewe nimewahi kuingia kwenye mtego huu. Miaka ya mwanzo ya kufundisha niliwapa darasa langu swali la dunia kama tufe, nikawaambia hili mlikariri. Mada ikatoka, mtaani nikasifiwa. Baadaye mwanafunzi mmoja akaniambia kwa upole: "Mwalimu, mimi nililijibu lile lako." Alikuwa ameandika suluhisho nililowakaririsha, namba kwa namba, chini ya swali lingine kabisa.

3. Kwani NECTA hawarudii maswali?

Wanarudia ujuzi, wakibadilisha sura. Mtunzi wa mtihani kwa kawaida haanzi na swali. Huanza na jedwali la utahini, linalosema mada gani ipewe uzito gani na ipimwe kwa kiwango gani: kukumbuka, kutumia, au kuchambua. Baada ya hapo ndipo anatafuta swali la kujaza nafasi hiyo, na kulibadilisha lisifanane na la zamani ni kazi ndogo sana. Anageuza kilichotolewa kiwe kinachotafutwa, anahamisha hadithi kutoka dukani kwenda shambani, au anaunganisha mada mbili ndani ya swali moja.

Ndiyo maana kukisia swali kunashindwa hata mtu awe na akili kiasi gani. Unajaribu kukisia kitu ambacho mtunzi anaweza kukibadilisha kwa dakika moja. Lile jedwali lake halibadiliki kirahisi hivyo.

## Kinachotabirika

4. Basi nini hasa kinaweza kutabirika?

Kwanza ni umbo la pepa, ambalo NECTA wenyewe wanalitangaza kwenye fomati. Kwa fomati ambayo tumeizoea, muda ni saa 3. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10. Yote ni ya lazima. Ukigawa dakika 180 kwa alama 100 unapata kama dakika 11 kwa swali la Sehemu A na 18 kwa la Sehemu B. Huo ni utabiri tayari, na hauna bei.

Pili ni viti vya mada. Ukipanga pepa za miaka ya karibuni kando kwa kando utaona mwanzo wa Sehemu A unakaliwa na namba, sehemu na desimali, kisha vipeo na logi. Sehemu B inakaliwa na takwimu na duara, dunia kama tufe na maumbo ya pande tatu, matriki na ugeuzaji, fankisheni na linia programing. Mada inaweza kuhama kiti, lakini ukumbi ni uleule.

Tatu, na hapa ndipo penye alama, ni aina za swali ndani ya kila mada. Mada nyingi zina aina nne hadi sita tu. Mtu anayezijua zote hashangai akikutana na namba mpya.

5. "Aina ya swali" ni nini? Si ni mada tu?

Hapana. Kwangu aina ya swali ina vitu vinne: umepewa nini, unatafuta nini, hatua zipi zinaunganisha hivyo viwili, na mtego uko wapi. Ukibadilisha namba, aina inabaki ileile. Ukibadilisha kinachotafutwa, aina nayo imebadilika hata kama mada ni moja. "Nimesoma dunia kama tufe" ni sentensi ya mada, na haimsaidii mtu chumbani.

6. Tuoneshe kwa mada moja, tafadhali.

Tubaki na dunia kama tufe, maana ndiyo iliyoniaibisha. Nitatumia miji halisi, nikikadiria nyuzi. Mbeya tuiweke latitudo 9° kusini, longitudo 33° mashariki.

*Aina ya kwanza: longitudo moja, upande mmoja wa ikweta.* Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na longitudo yake inakaribia 33° mashariki. Tofauti ya latitudo ni 9°. Kila nyuzi moja ni maili 60 za baharini, kwa hiyo umbali ni 9 × 60 = maili 540 za baharini. Wakitaka kilometa, kwa nusu kipenyo cha dunia cha kilometa 6370 na π = 3.14, tunapata:

```
3.14 × 6370 × 9 ÷ 180 ≈ 1000 km
```

Mtego hapa ni kipimo tu: swali linataka kilometa, mtu anaandika maili.

*Aina ya pili: longitudo moja, ikweta iko katikati.* Khartoum iko kama 15.5° kaskazini, na longitudo yake nayo inakaribia 33°. Sasa nyuzi zinajumlishwa: 9 + 15.5 = 24.5, na umbali ni 24.5 × 60 = maili 1470. Aliyekariri ile ya kwanza atatoa: 15.5 − 9 = 6.5, apate maili 390. Jibu hilo linasema Khartoum iko karibu na Mbeya kuliko Kampala! Anayechora duara dogo pembeni na kuweka ikweta hawezi kukosea hivi. Anayekimbilia fomula anakosea karibu kila mara.

*Aina ya tatu: latitudo moja.* Kilwa Kisiwani iko karibu 9° kusini na 39.5° mashariki, yaani karibu mstari mmoja na sisi. Tofauti ya longitudo ni 6.5°. Duara la latitudo ni dogo kuliko ikweta, kwa hiyo unazidisha na kosaini ya latitudo:

```
6.5 × 60 × cos 9° = 390 × 0.9877 ≈ 385 maili za baharini
```

Angalia kitu hapa. Aliyesahau kosaini anapata 390, na macho hayaoni tatizo kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ndiyo maana siwapi wanafunzi wangu mazoezi ya miji ya kwetu peke yake. Nawapa latitudo 60°, ambako kosaini ni nusu: umbali huohuo wa nyuzi 6.5 unakuwa maili 195. Aliyesahau anapata mara mbili ya jibu na kosa linajitangaza. Watunzi nao wanapenda 60° kwa kuwa namba zake ni safi.

*Aina ya nne: kinyume.* Ndege imetoka Mbeya, imekwenda moja kwa moja mashariki maili 385 za baharini. Imefika longitudo gani? Unagawanya: 385 ÷ (60 × 0.9877) ≈ 6.5, kisha 33 + 6.5 = 39.5° mashariki. Wengi hukwama hapa ingawa aina ya tatu wanaiweza, kwa sababu walikariri hatua kwa mwelekeo mmoja. Wengine wanapata 6.5 na kuishia hapo, wakisahau kwamba swali limeuliza mahali, halikuuliza tofauti.

*Aina ya tano: mwendo na saa.* Ndege inayokwenda maili 420 za baharini kwa saa inatoka Mbeya kwenda Khartoum. 1470 ÷ 420 = saa 3.5. Ikiondoka saa mbili kamili asubuhi inafika saa tano na nusu asubuhi. Pepa ni ya Kiingereza, kwa hiyo kwenye karatasi ni 8:00 na 11:30. Usije ukaandika 5:30 kwa mazoea ya nyumbani.

Aina zimekwisha, ni tano. Ukiongeza kuvuka longitudo sifuri, ambayo mantiki yake ni ileile ya kuvuka ikweta, umezunguka karibu mada nzima. Mwaka ujao sijui watataja mji gani wala namba gani. Ila nina hakika wakiileta mada hii, watakuja na moja ya hizi au mbili zilizounganishwa, kwa mfano ya tatu na ya tano.

## Kuifanya kazi mwenyewe

7. Natengenezaje orodha ya aina za maswali? Nahitaji pasti pepa ngapi?

Pepa sita za mfululizo zinatosha kuanza. Chukua kauntabuku, kila mada ipewe kurasa mbili. Pitia pepa moja baada ya nyingine, na kila kipengele cha swali, (a) kivyake na (b) kivyake, ukiandike kwenye mstari mmoja: mwaka, kilichotolewa, kinachotafutwa, hatua, mtego. Usinakili swali. Ukinakili utalikariri, na tumerudi kwenye shida ya swali la 2.

Neno la amri liandike kwa Kiingereza kama lilivyo kwenye pepa. "Tafuta" na "onesha kwamba" ni kazi mbili tofauti. Kwenye "onesha kwamba" jibu umeshapewa, kwa hiyo alama ziko kwenye hatua, na anayeruka hatua kwa kuwa jibu linaonekana anazikosa.

Ukifika pepa ya nne hivi utaona mistari mipya inapungua. Unasoma swali na kusema, hili ni lile la 2019 limegeuzwa. Mada ambayo bado inakuletea mistari mipya kila mwaka, kwa uzoefu wangu ni seti na uwezekano zenye hadithi ndefu, itafutie pepa zaidi.

8. Nitajuaje kama utabiri wangu una maana au najidanganya?

Pepa ya karibuni kabisa ifunge kwenye bahasha, usiiguse. Tumia zile tano za nyuma kujaza kauntabuku. Kisha andika utabiri wako wa aina za maswali, na ukitaka kuwapa haki watabiri, andika pia maswali kamili 14 unayodhani yatatoka. Weka tarehe.

Halafu fungua bahasha. Swali kamili linahesabiwa tu kama jibu la mwisho ni lilelile. Aina inahesabiwa tu kama hatua ulizoandika zinalimaliza swali bila kuongeza hatua mpya. Hesabu kwa alama, usihesabu idadi ya maswali, na mwambie rafiki yako asahihishe, maana mtu akijisahihisha mwenyewe anajionea huruma. Watoto wangu wakimaliza zoezi hili huacha wenyewe kuniomba "yale yanayotoka". Orodha ya maswali kamili hubaki tupu au karibu tupu.

Kuna onyo moja. Ukiona aina zako zimepatia kila kitu, angalia kama hukuziandika kwa upana mno. "Swali la takwimu" si utabiri. "Nimepewa jedwali la makundi, natafuta wastani kwa wastani wa kudhani" ndiyo utabiri.

9. Ile taarifa ya uchambuzi ya NECTA ina faida kwa mwanafunzi?

Kubwa, na wanafunzi wengi hawaijui. Kila mwaka Baraza hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na iko kwenye tovuti yao, necta.go.tz. Inapita swali kwa swali, inaeleza lilikusudia kupima ujuzi gani na watahiniwa walikosea wapi, na inaweka picha za majibu mazuri na mabaya. Safu ya "mtego" kwenye kauntabuku lako ijaze kutoka huko. Anza na picha za majibu mabaya, ndizo zinazofundisha zaidi.

## Hali ngumu

10. Mada fulani haijatoka miaka miwili. Si zamu yake mwaka huu?

Pepa si daladala za Mwanjelwa zinazopakia kwa zamu. Ni kweli mtunzi anataka mada zigusike kwa uwiano, kwa hiyo mada iliyokaa kimya isitupwe. Lakini "isitupwe" haina maana ya "lazima". Kinachoumiza zaidi ni upande wa pili wa wazo hilo: "hii imetoka mwaka jana, haiji". Matriki imetoka mwaka jana na inaweza kuja tena mwaka huu. Mtu asiache alama kwa sababu ya zamu aliyojitungia.

11. Mock ya mkoa inatabiri pepa ya Novemba?

Inatabiri udhaifu wako, basi. Watunzi ni wengine. Mtoto aliyekosa aina ya nne kwenye mock ya Mbeya ataikosa Novemba pia kama hakuirekebisha, hata namba zikiwa nyingine. Kwa hiyo karatasi ya mock iliyosahihishwa usiitupe. Pitia kila kosa na ulipeleke kwenye mstari wake kwenye kauntabuku.

12. Njia hii inafaa kwa Historia au Kiswahili?

Inafaa, ila "hatua" zinakuwa za hoja badala ya hesabu. Swali la sababu, la athari, la kulinganisha na la kutathmini ni aina nne tofauti hata tukio likiwa moja. Anayekariri insha nzima ya sababu na kuulizwa athari atafanya kilekile alichofanya yule mwanafunzi wangu.

13. Mtaala umebadilika. Pasti pepa bado zina kazi?

Kwanza jua wewe uko mtaala upi, muulize mwalimu wa taaluma shuleni kwako, kisha pakua fomati inayokuhusu. Maelezo ya swali la 4 ni ya fomati tuliyoizoea, kwa hiyo kama yako inasema tofauti, fuata yako. Aina za swali za mada zilizobaki bado ni halali, kwa sababu nyuzi moja ya latitudo haijabadilika kuwa maili 70. Kinachopoteza thamani ni viti na uzito wa alama.

14. Zimebaki wiki tatu, mvua zimeanza, na nyumbani wananiita shambani. Nifanye nini?

Usijaze kauntabuku zima. Daraja D inaanzia alama 30 na C inaanzia 45, kwa hiyo chagua mada sita ambazo tayari unaziweza nusunusu, kisha maliza aina zake zote. Mada unayoijua nusu inakupa alama haraka kuliko mada mpya. Tumia maswali yenye saa: dakika 11 kwa la Sehemu A. Na ongea na wazazi wapunguze zamu za shamba hadi pepa zipite. Wengi wanakubali ukiwaonesha ratiba yenye tarehe.

15. Usiku wa kuamkia mtihani nimetumiwa picha ya "pepa yenyewe" kwa wasapu. Niiangalie?

Kama ni feki, utaingia chumbani ukitafuta maswali ambayo hayapo, na utasoma ya mbele yako kwa haraka kama yule aliyejibu swali langu. Kama ni ya kweli, umeshika mtihani uliovuja, na hapo kuna kufutiwa matokeo na mambo ya kisheria. Ifute, usiisambaze, mwambie mwalimu au mzazi. Kisha fungua ukurasa wa makosa yako, pitia aina mbili, ulale kabla ya saa nne.